Nani Atanunua Petroli ya Tunda

Wafadhili walikuwa wameirudisha tena ile sehemu ya mwisho ya ombi, na Kabedi alitamani kuitupa mtoni Lualaba. Mradi wa chanjo wa Kindu uliomba miaka miwili zaidi. Wazungu hawakutaka ila jibu moja: sisi tukiondoka, nani atabeba gharama zinazojirudia kila mwezi? Bila jibu la maana hakuna fedha, na frigo, lile jokofu la chanjo kule Tunda, itakuwa kabati la mende.

Mkubwa wake, Daktari Tshimanga, kila mstari aliujaza neno moja: Leta, yaani serikali. Petroli ya frigo, yaani mafuta ya taa, Leta. Pikipiki ikiharibika, Leta. Palipobaki pengo aliandika salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, eti ndiyo mchango wa raia. Kabedi, msimamizi wa mradi, binti wa mtu wa reli kutoka Kasai, hakujaliwa subira. Alimwambia salongo inafyeka majani, haiwashi utambi wa frigo. Daktari akanuna.

Basi Kabedi akapanda lori la mpunga hadi Tunda, na mgongo wake ukakiona cha mtema kuni. Kamati ya afya ya kijiji, chini ya Mama Mwanahamisi, ilikata shauri upesi: wakati wa mavuno kila nyumba itatoa kopo la mpunga, uuzwe, ununue petroli na tambi za frigo. Wakaweka dole gumba kwenye kumbukumbu za mkutano. Kabedi akajikaza kuuliza kama utabaki kidogo kwa ile nyongeza anayolipwa na mradi. Nyongeza hiyo ndiyo iliyolisha wanawe, maana mshahara wa Leta alikuwa ameanza kuusahau sura.

Mwanahamisi alimtazama kwa huruma. "Mama, mupunga iko ya petroli. Wewe haitakufikia."

Aliporudi Kindu akaenda kwa Kalonji wa ofisi ya bajeti ya Leta. Kalonji alisema hana fungu la petroli wala la pikipiki. Angeweza kutia saini kwa ajili ya mishahara ya wenye namba ya utumishi tu.

"Mwenye namba, Leta njo itamulipa," alisema, na soli ya kiatu chake imefungwa kwa kamba.

Kabedi alikuwa na namba. Alirudi mezani kwake akaandika ukweli: petroli na tambi, Tunda, nusu ya gharama mwaka wa kwanza na zote mwaka wa pili. Pikipiki, hakuna, mchanjaji atatumia baiskeli. Msimamizi, mshahara bila nyongeza, Leta.

Safari hii wafadhili walikubali. Walisifu hasa mstari wa mwisho, kwa kuwa serikali imejitwika jukumu lake. Daktari Tshimanga alimsomea sifa hizo kwa sauti, akitabasamu kana kwamba ndiye aliyeziandika.

Kabedi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba ruhusa ya wiki moja. Alikuwa anakwenda Tunda kuomba shamba la mpunga.