Utelezi Ndani ya Chombo cha Mama Usafi

Mtaa mzima ulimwita Mama Usafi, na jina lenyewe alilipenda. Kikundi cha wanawake wafugaji kilipotaka somo la kusikiliza kwenye simu, daktari wa mifugo aliandika maneno karatasini, akamchagua yeye ayasome. Akayasoma kwa madaha utadhani kayatunga mwenyewe:

"Kila asubuhi mwaga maji yote ya jana. Usijazilize! Sugua chombo ndani kwa brashi na sabuni, suuza, ndipo uweke maji mapya. Kiinue kifike usawa wa mgongo wa kuku, wasikinyee. Chakula kilicholoa kitupe. Maranda yaliyolowa chini ya chombo yatoe, uweke makavu."

Sasa tusidanganyane. Tangu somo litoke, Mama Usafi alikuwa na mabanda ya watu ya kukagua, hana nafasi na lake. Asubuhi alifika na ndoo, akaongeza maji juu ya yale ya jana, akafunga mlango, akaenda zake kusahihisha wenzake. Nje vyombo viling'aa, maana nje alivifuta. Ndani nani angechungulia?

Vifaranga wake arobaini walikuwa na wiki nne walipoanza kujikunyata, mabawa yakining'inia. Kinyesi kikawa na damu. Kufikia siku ya tatu walikuwa wamekufa tisa, na kikundi kikawa na mkutano jioni hiyo hiyo.

Wanawake wakamtazama. Mwalimu kafiwa na kuku! Mama Usafi alihisi jina lake linamponyoka, akashika la karibu. La karibu lilikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeketi karibu na mlango.

"Wiki iliyopita wifi aliingia bandani kwangu na viatu vya kwake," alisema. "Mimi sisemi mengi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Wifi, mimi?" yule mwanamke aliuliza. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Kesho yake daktari alikuja, na wanawake watatu wakafuatana naye wajifunze. Alivaa viatu vya mpira, akaingia, akachuchumaa mbele ya chombo cha maji. Akamwaga maji, akapitisha kidole ndani, akakitoa kimejaa ute wa kijani. Chini ya chombo alifinya maranda, yakatoa maji. Chombo cha chakula kilikuwa kimewekwa chini sakafuni, na juu ya pumba kulikuwa na kinyesi.

"Ni koksidia, ugonjwa wa kuhara damu," alisema. "Wadudu wake hutoka kwenye kinyesi, hukomaa kwenye unyevu, kisha kuku huwameza kwa maji na chakula. Nitakupa dawa ya kuwanywesha. Lakini bila kukausha hapa na kusugua hivi vyombo, watakuugulia tena."

"Si viatu?" aliuliza mmoja wa wanawake.

"Viatu huweza kuleta, sikatai. Ila nimetoka kwa wifi yake sasa hivi. Kuku wake wazima wote, na vyombo vyake unaweza kunywea wewe." Akamgeukia Mama Usafi, akapunguza sauti. "Mama, uliacha kumwaga tangu lini?"

Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo alionyeshwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi watatu. Mama Usafi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ya vifaranga angeivumilia. Iliyomkata maini ni ile ya wifi, kwa sababu aliposema yale maneno mkutanoni alikuwa anajua vyombo vyake vilivyo. Hakuwa na uhakika, lakini alijua.

Alisugua vyombo mpaka vidole vikachubuka, akatoa maranda yote, akainua kila kitu juu ya matofali. Kisha akanawa, akabadili nguo, akaenda kwa wifi yake na maneno aliyoyapanga njiani, ya kusema taratibu ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Wifi alikuwa uani, brashi mkononi, akisugua vyombo. Alimwona, akainua kiganja.

"Ishia hapo hapo langoni, wifi. Banda lako lina ugonjwa. Ukiingia utaniletea."

"Nimebadili nguo."

"Na viatu?"

Mama Usafi akatazama miguu yake. Viatu ni vile vile vya bandani, maranda yamegandia kwenye soli.

Akasimama langoni, barabarani, watu wakipita. "Nimekuja kukuomba radhi," alisema chini chini.

"Sikusikii, wifi. Maji yanamwagika hapa."

"Nilikusingizia!" Sauti ile ya somo ikatoka yote, ya kueleweka. Muuza mboga aliyekuwa akipita akasimama. "Ugonjwa ni wangu! Sikuosha vyombo vyangu, nikakusingizia wewe!"

Wifi akaweka brashi chini. Hata tabasamu hakutoa.

"Nimesikia," alisema. "Kanawe miguu, kisha mkutanoni ukaseme hivyo hivyo. Kwa sauti hiyo hiyo."