Barua ya Pilote wa Rughenda, ya kuomba pikipiki

Naweka bidon muzima ya kasiksi, pombe ya ndizi, hapa pa meza: hakuna mutu ataamini hii habari. Mimi mwenye banaitaka Pilote, mimi mwenye batoto ba mutaa ya Rughenda banapigiaka makelele njiani, bureau moja ya crédit iliandika pa karatasi, na cachet ya muhuri juu, kama hakuna mutu ananijua.

Jina ya kweli ni Muyisa Salomon. Nilizaliwa Kipese, kule baridi inaingiaka mupaka mu meno. Masomo niliacha mu ya tano primaire. Mwalimu alisema tangu aanze kufundisha hajaona mutoto kama mimi. Ni kweli alisema vile siku alinifukuza, mais alisema.

Baba na mama balikufa, ndugu ba Kipese tulikosana juu ya shamba, basi nikashuka muji ya Butembo. Sasa miaka kenda niko motard, nabeba batu na pikipiki, parking yetu iko karibu na kiwanja ya ndege. Ni pale jina Pilote ilitoka. Ndege ya Rughenda inarukaka siku moja moja, mimi naruka kila siku, na kwangu ceinture, mukaba ya kujifunga, hakuna.

Mais pikipiki ilizeeka. Ilikuwa inatoa moshi sawa mama mwenye anawasha makala mabichi. Silencieux, ile bomba ya moshi, nilifunga na waya. Huile, mafuta ya moteur, ilikunywa kuliko mulevi. Bamama bamevaa muzuri ya misa banaangalia kiti, kisha moshi, kisha banasema, "Hapana Pilote, leo nitatembea." Mécanicien aliifungua moteur, akaifunga, akajifuta mikono.

"Pilote, hii si ya kutengeneza. Hii ni ya kuitia padri."

Nikacheka kuliko bote. Mu moyo nilikuwa najua: bila pikipiki, mimi ni nani? Sina shamba, sina diplome, sina bibi. Bibi alikuwaka, Kavuo, alienda kusalimia bazazi yake kule muji ya Beni, sasa mwaka ya ine anasalimia tu. Ku nyumba kuko sahani moja, kikombe kimoja. Kikipasuka nitakunywa mu mukono.

Basi nikaenda ku bureau ya crédit. Pale nilikuwa na compte, nilikuwa naweka kidogo kidogo kila juma, juu huko hawatoi crédit kwa mutu mwenye hajaweka akiba. Agent de crédit alikuwa mama Germaine, mutu wa Kisangani, Butembo hajamaliza mwaka. Anasema pole pole sawa mutu anapima sukari.

"Papa Muyisa, utaandika barua kwa gérant, mukubwa wa bureau. Unasema wewe ni nani, unafanya kazi gani, unaomba ngapi, utarudisha ginsi gani. Unaweka carte d'électeur, photo, attestation ya chef wa quartier, na carte rose, karatasi ya kuonyesha pikipiki ya sasa ni yako. Akiba yako itabakia hapa kama garantie. Kisha nitakuya kufanya enquête, kuuliza batu juu yako."

"Mama, enquête ya nini? Uliza hata mbuzi ya Rughenda, itakuambia Pilote ni nani."

Hakucheka. "Nitakuya siku moja, sitakuambia siku gani. Nikiona dossier ni muzuri, utaleta avaliste, mutu mwenye atalipa wewe ukishindwa. Kisha comité itakaa."

Barua niliandika mimi mwenyewe, pa kitanda, kwa Kiswahili, juu Kifaransa yangu ni ya kuomba pardon kwa polisi tu. Niliandika hivi:

"Kwa Bwana Gérant. Mimi ni Muyisa Salomon, motard wa kwanza wa Rughenda, pengine wa Butembo. Naomba crédit ya kununua pikipiki mupya, juu hii ya sasa inatesa baclient na mimi pia. Nitarudisha kila juma, siku ya pili, ndiyo mardi, bila kukosa. Tangu nianze kazi sijaangusha mutu hata mumoja, ila mimi mwenyewe mara mbili. Karatasi ya pikipiki mupya mutaikamata ninyi mupaka nimalize. Kama munataka kujua tabia yangu, kuya ku parking. Butembo nzima inanijua, na baparking bote ni ndugu zangu."

Pa formulaire kulikuwa fasi ya kuandika mutu wa kuita kukiwa shida. Nilifungua telefone. Namba zaidi ya mia tatu: Mama wa Bitunguu, Client wa Koti Bleu, Sœur wa Mayai, Mulevi wa Mardi. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Mwisho nikaandika namba yangu ya pili.

Juma mbili zikapita. Siku moja asubui client akasema Beni, na analipa muzuri. Beni na ile pikipiki! Mais nilimwambia, "Papa, panda, hii ni ndege." Tulifika, na moshi yote. Kwa bazazi ya Kavuo nilipita mbele ya mulango. Kulikuwa nguo pa kamba, za mwanaume na za mutoto mudogo sana. Sikusimama. Nikapiga klaxon kidogo tu, sawa mutu anasalimia mutu mwingine.

Kurudi, pa mulima ya Kabasha moteur ikakamata, tiii, ikakufa. Nilisukuma. Pale barabarani batu banaogopa banyanganyi, hakuna mutu anasimamia mutu mwenye hajui. Bamotard balipita, hata mumoja hakupunguza. Nilikuwa najifanyia mazungumuzo peke yangu, naambia pikipiki, "Ukitaka kukufa, kufa, mais karibu na nyumba." Haikujibu. Hata kicheko yangu nilisikia ni ya mutu mwingine. Kisha gari fuso moja ya makala ikanihurumia, ikatupandisha juu sisi wawili, na sura yangu ikafika Butembo nyeusi.

Kesho yake telefone ikalia. Mama Germaine. "Papa Muyisa, kuya ku bureau."

Nilivaa shati ya bleu. Alinionyesha karatasi. Sikusoma yote, ila ile neno niliona: *inconnu*. Hata wa ya tano primaire anajua ile: mutu mwenye hajulikane.

"Jana nilifika ku parking yako," akasema. "Niliuliza Muyisa Salomon. Batu kumi na mbili. Bote balisema habakujue. Kijana mumoja alisema hata hiyo jina hajaisikiaka. Pa nyumba, jirani alisema kuko mutu anaishi mule, anatoka asubui, anarudi, mais jina hajue."

"Mama, banadanganya!"

"Dossier inangoja, Papa. Mimi siwezi kuambia comité kama mutu wa kusema muzuri yako ni wewe peke yako."

Nilienda ku parking na miguu. Esdras alikuwa pale, mukubwa wetu wa parking, mutu munene wa kofia ya laine, ile ya baridi, anakaaka pa pikipiki yake sawa chef pa kiti.

"Esdras! Muliniuza! Wivu ya nini? Juu hamutaki nipate mupya?"

"Weye Pilote, unalia nini?"

"Mama mwenye sacoche pa bega! Jana! Mulisema hamunijue!"

Akanitazama, kisha akapiga kicheko mupaka kofia ikaanguka. "Ah, ule mama! Yesu! Si ni weye ulitufundisha? Si ni weye ulisimama hapa sawa padri, unasema: mutu mwenye sacoche na karatasi akiuliza jina ya motard, hatumujue, hata ule motard akiwa baba yako? Tuliwaza ni mutu wa kodi, wa taxe! Ao ni wale ba pikipiki za crédit, banatafuta kunyanganya. Tulikulinda, bwana! Petit mumoja, kijana wa hapa, aliapa hata kwa Bikira Maria!"

Ni kweli. Ile sheria ni yangu. Ilikuwa mwaka moja bale ba taxe balitusumbua, nikaifanya, bote bakanipigia mikono, nikavimba kichwa juma nzima.

Nikaanza kucheka. Mais Esdras akaacha kucheka, mimi ningali nacheka. Akaokota kofia, akaipanguza pa goti.

"Pilote, nikuambie na ukweli. Hata tungependa kusema, hatungeweza. Muyisa Salomon… mimi sikujua kama ni weye. Tunakuitaka Pilote tu. Weye unachekesha batu, mais hausemaka kitu."

"Miaka kenda, Esdras!"

"Miaka kenda, ndiyo."

Hakuna kitu kiliniuma sawa ile. Nilimwambia, "Basi kaa na Pilote wako." Siku tatu sikukanyaga ku parking. Niliketi pa kitanda, naangalia ile pikipiki imelala ku ukuta, nangoja telefone ilie. Ililia mara moja. Ilikuwa Mulevi wa Mardi, anataka nimupeleke.

Siku ya ine mutu akagonga. Esdras, na sura ya kukasirika.

"Vaa. Tunaenda ku bureau. Nitasema mimi nakujua."

"Unanijua tangu lini?"

"Tangu ile siku tuligombana. Vaa, nisikupige."

Mama Germaine alitusikiliza. Esdras alieleza ile sheria ya sacoche, na kwa mara ya kwanza niliona ule mama anacheka, meno yote. Akasema atarudi ku parking, na niandike barua ingine, niweke na ile jina batu banaitaka. Kisha akauliza avaliste. Esdras akainua mukono, hata sijamwangalia.

Mama akanigeukia mimi, kalamu ya bic mu mukono. "Papa Muyisa, jina kamili ya avaliste wako?"

"Esdras."

"Esdras nani?"

Nikaangalia ile kofia ya laine.

"Anaishi avenue gani? Bibi yake anaitwa nani? Ana batoto ngapi?"

Esdras alikuwa anaangalia ku dirisha, sawa kunapita kitu kule. Nilikuwa na vichekesho mia mbili mu kichwa, hata kimoja hakikutoka. Mwisho akajibu yeye mwenyewe, sauti chini: Kahongya Esdras, bibi Falonne, batoto ine, wa tano alizikwa mwaka jana. Anaishi nyuma ya nyumba yangu, milango sita. Ile mwaka jana nilikuwa namuchekaka juu ya kofia ya laine, namuita mugonjwa wa baridi. Hakuniambia kitu. Sikumuuliza kitu.

Comité ilikaa, walinipa, si yote, mais pamoja na franga ya kuuza ile chuma ya zamani nilipata pikipiki. Nyekundu. Karatasi yake iko mu bureau, kila siku ya pili napeleka franga, na pa fasi ya mutu wa kuita kukiwa shida kumeandikwa Kahongya.

Nyumba ingali na sahani moja. Kule Beni nimepita tena mbele ya ule mulango, moteur mupya inasikika kidogo, na sikupiga klaxon.

Ile siku nilimukasirikia Esdras juu ya jina, nilikosea.