Mama, Mpangaji wa Benki

Tangu siku niliyotia saini mkataba wa mkopo wa mashine ya kukoboa mpunga, mama aliacha kuingia nyumbani kwake bila kupiga hodi.

Sitanii. Alikuwa anarudi na ndoo yake ya maji, anafika kwenye mlango ambao marehemu baba aliuchonga na kuusimamisha mwenyewe, anatua ndoo na kuita, "Hodi humu!" Hakuna aliyemjibu, maana ndani hamkuwa na mtu. Anangoja kidogo, ndipo anaingia. Nilipomuuliza anampigia nani hodi, alinijibu bila hata kunitazama.

"Mwenye nyumba. Mimi niko mupangaji wa banki, mwanangu. Mupangaji anaingiaka na adabu."

Kosa lilikuwa langu na lake pia. Kiwanja chetu cha Mikelenge, hapa Kindu, kiliandikwa kwa jina langu baba alipofariki, na jamaa wote walikubali. Nilipoamua kununua mashine, benki ya mtaa wa Kasuku ilitaka rehani, nami sikuwa na kitu kingine cha maana isipokuwa kile kiwanja na nyumba iliyo juu yake. Tuliitisha kikao, mama akasema sawa. Lakini kichwani mwake alidhani benki wataiangalia tu sertifika, ile hati ya kiwanja, kisha waturudishie siku hiyohiyo, kama mtu anavyoshika kitenge sokoni na kukirudisha mezani. Alipoona nimerudi mikono mitupu, hakunipigia kelele. Alianza kupiga hodi. Heri angenipigia kelele.

Mashine ilifanya kazi. Wakulima walileta mpunga wao kutoka pande zote, vumbi la pumba likatanda mpaka kwenye kope zetu, nami nikalipa benki bila kukosa. Lakini kila jioni niliposikia ile hodi nilichomwa. Mimi ni mwepesi wa hasira, kila mtu mtaani anajua, ila mama ndiye mtu pekee anayeweza kunikasirisha kwa kunyamaza.

Kisha mdogo wangu wa kike akapata mchumba. Kijana mzuri, fundi seremala, na jamaa zake wakatuma ujumbe kwamba wanataka kuja nyumbani kwa marehemu baba yake binti, ndiyo kusema kwetu, kuleta mahari. Mama akakataa kuwapangia siku.

"Nitawakalisha wapi?" aliniuliza. "Ni muntu gani anakaribishaka wakwe mu nyumba ya watu? Karatasi ikirudi, watakuja."

Mdogo wangu alilia. Aliniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba ndoa yake sasa imewekwa rehani pamoja na nyumba. Nilichoweza kufanya ni kukaza mwendo, na nikakaza, mpaka nikalipa fungu la mwisho kabla ya muda wake. Siku hiyo nilirudi na stakabadhi ya benki nikiipepea njiani kama bendera. Mama aliishika, akaigeuza.

"Hii njo karatasi ya nyumba?"

"Hapana, mama. Hii inaonyesha nimemaliza kulipa."

"Basi bado," akasema, akanirudishia.

Nilinuna, lakini alikuwa na haki. Nikaandika barua kwa benki, fupi na ya heshima, nikiomba vitu viwili: barua ya kuthibitisha kwamba sina deni lolote tena, na sertifika yangu halisi, si nakala kivuli. Ajenti wa mikopo, kijana mwenye shati lililopigwa pasi kupita kiasi, aliipokea kwa tabasamu akaitupia juu ya rundo la karatasi. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Sikumwomba anipigie mhuri kwenye nakala. Ndiyo, nilikwenda bila nakala, mimi binti wa karani.

Majuma yalipita. Kila nilipokwenda, jibu lilikuwa lilelile: "Iko kwa mukubwa." Mkubwa naye alikuwa safarini. Mwishowe ajenti akaniuliza, kwa utulivu kabisa, kama nina hakika niliwahi kuleta barua. Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Nilitoka nje ili nisije nikasema jambo la kunipeleka polisi.

Nikiwa pale nje ndipo nilipomkumbuka baba. Alikuwa karani wa komine, yaani manispaa, na hata alipoomba kiti kipya cha ofisi alituma nakala kwa kila mwenye mhuri mjini. Sisi watoto tulimcheka sana. Mama ndiye aliyekuwa hacheki, kwa sababu baba kila mara alipata kiti.

Nikaandika upya, kwa Kifaransa cha ofisini, nikitaja namba ya mkataba, namba ya sertifika na siku ya malipo ya mwisho, na nikabandika kivuli cha stakabadhi. Chini nikaweka orodha ya wanaopewa nakala: konservateri, yaani mkuu wa ofisi ya hati za ardhi, mkuu wa komine, mkuu wa mtaa. Nikamsomea mama yote kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi?"

"Wewe nini, mama?"

"Wote wanapata karatasi. Mimi ninayelala mule ndani, sipati?"

Nikaongeza mstari: mama mzazi wa mwombaji, mkaaji wa nyumba. Nilipomsomea akatikisa kichwa. "Usiandike mukaaji. Andika mupangaji." Nilijaribu kumweleza kwamba barua ya ofisi si mahali pa utani. Akaniambia hafanyi utani. Nikaandika: mpangaji.

Nilizungusha nakala mwenyewe. Kila ofisi ilipiga mhuri wake kwenye nakala yangu. Mkuu wa mtaa alikuja mpaka nyumbani na kidau chake cha wino, na mama, kwa kuwa hana mhuri, alibonyeza kidole gumba mbele ya jina lake kwa uzito wa mtu anayetia saini mkataba wa amani.

Ajenti wa mikopo alipoona ile orodha alicheka.

"Mama, umesahau tu rais."

"Nafasi ingaliko pale chini," nikamwambia. "Piga muhuri kwanza."

Akapiga. Nilitazama wino ukikauka kabla ya kuondoka.

Sasa sikilizeni namna nakala zilivyofanya kazi. Kabla benki haijasema neno, konservateri ndiye aliyeniita. Alikuwa mzee mnene, mwenye sauti ya chini, na barua yangu ilikuwa mezani kwake imepigiwa mistari.

"Mama, kaa. Umeomba vizuri, lakini umeomba nusu." Akafungua kitabu kikubwa, akanionyesha ukurasa wa kiwanja changu. Palikuwa na maandishi ya rehani, na jina la benki. "Hii iko hapa, na iko vilevile mu sertifika yako. Wakikurudishia sertifika bila menleve, karatasi itarudi kwako, na banki itakuwa ingali ndani yake."

Menleve ndiyo hati ya benki kuachilia rehani. Bila hiyo, alisema, yeye hana ruhusa ya kuyafuta yale maandishi, hata benki ikitoa barua kumi za kusema sina deni. Ningeirudisha ile sertifika nyumbani kwa vigelegele, tungewakaribisha wakwe, na mama angekuwa bado ni mpangaji bila sisi kujua. Nilimshukuru yule mzee mpaka akaona haya.

Nikaandika barua ya pili, nikitaja ile ya kwanza, na kuomba hati ya kuachilia rehani juu ya vile viwili. Nakala kwa walewale wote. Mama akabonyeza kidole tena, safari hii kwa mazoea.

Mkuu wa tawi aliporudi kutoka safari yake aliniita. Kumbe alikuwa mwanamke, wa rika langu. Barua zangu mbili zilikuwa mbele yake, na ajenti wa mikopo amesimama pembeni, shati limenyooka, uso umenyong'onyea.

"Kabla ya yote," akasema, "huyu mupangaji mwenye kidole ni nani?"

Nikamsimulia. Hodi, ndoo, wakwe, yote. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka ghafla na kuniomba radhi. Hati halisi hukaa katika ghala la makao makuu, akaeleza, na hutolewa tu kwa ombi la maandishi. Ombi langu la kwanza halikuwahi kutoka Kindu. Alipeleka ombi siku ileile, mbele ya macho yangu, naye akaniambia nimwambie mama asubiri ndege itakayoileta sertifika.

Ndege ikaja. Niliitwa, na juu ya meza nikawekewa vitu vitatu: barua ya kwamba sina deni, hati ya kuachilia rehani yenye saini na mihuri, na sertifika yangu, pembe zake zimejikunja kidogo. Ajenti alinisogezea karatasi ya kukiri kwamba nimepokea. Sikuishika kalamu. Nilisoma kwanza jina langu, namba ya kiwanja, namba ya mkataba, kila ukurasa. Alingoja. Furaha ya kumngojesha yule kijana sitaificha, niliifurahia mpaka mifupani.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa konservateri. Nililipa ada yake, akachukua kalamu nyekundu na rula, akapiga mstari juu ya maandishi ya rehani kitabuni, akapiga mwingine kwenye sertifika, akaandika kwamba imefutwa, akagonga mhuri. Nilipanda pikipiki kurudi Mikelenge nikiwa nimekumbatia bahasha kifuani, na dereva akaniuliza kama nimeshinda uchaguzi. Nikamwambia ndiyo.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akafuta mikono. Hajui kusoma, lakini kidole chake kilipita juu ya ukurasa mpaka kikafika kwenye ule mstari mwekundu, kikasimama.

"Hapa njo waliitosha?"

"Hapo njo waliifuta rehani, mama."

"Mu kitabu vilevile?"

"Niliona kwa macho yangu."

Alichukua ndoo yake, akaenda mlangoni. Nilisimama nikingoja ile hodi. Hakutua ndoo. Aliingia tu, moja kwa moja, akapotea ndani, nami nikaona kila kitu kinaingia ukungu kwa machozi. Nikamfuata mbio.

"Wewe!" sauti yake ikanisimamisha kizingitini. "Unaingia mu nyumba ya watu bila hodi?"

Nikarudi nyuma hatua moja, nikaita hodi kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Karibu," mama akasema. "Karibu kwetu. Na mwambie mudogo yako, wakwe wakuje."