Miezi Kumi na Saba ya Nahla

Tangu barua pepe ya Bodi ifike kutoka Dar es Salaam, Nahla hakutulia. Kahawa aliimimina akaiacha ipoe. Bodi ya usajili ilimwambia waziwazi: kwa kitabu chake hiki cha mafunzo ya kazi, mwaka huu hafanyi mtihani wa taaluma. Mafunzo ya mkadiriaji majenzi, yaani mpimaji wa kazi na gharama za ujenzi, husimamiwa na kutiwa saini na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa. Yake, tangu alipohamishiwa ofisi ya Nizwa, huku Omani, yalitiwa saini na bosi wake Ghaith, ambaye ni mbunifu majengo.

Ghaith mtu mwema, tena mno. Kila miezi mitatu hushika kalamu, "Bismillahi," akasaini kurasa zote bila kusoma hata mstari, kisha akaagiza halua. Miezi kumi na saba ikaenda hivyo. Nahla aliona anaaminiwa, kumbe anaponzwa.

Iliyobaki salama ni miezi kumi na mmoja ya Sur, chini ya Bi Balqis, mkadiriaji wa Tanga aliyesajiliwa na Bodi hiyohiyo kabla hajahamia Omani. Ijumaa Nahla akawasha gari kwenda Sur, akaupita mji wa Ibra njiani bila kusimama. Bi Balqis akisaini na ile miezi kumi na saba, nani atajua?

"Shikamoo, Bi Balqis."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Umekuja kwa miguu?"

Nahla akaeleza yote kwa pumzi moja. Bi Balqis hakukasirika. Alivaa miwani, akafungua makadirio aliyoletewa ya nyumba ya wageni ya Misfat, kazi ya Nahla ya mwaka jana.

"Lipu ya ukumbi. Nafasi za madirisha umezitoa kwenye vipimo?"

"Nimezitoa."

"Wapi?"

Nahla akapekua mbele na nyuma. Madirisha sita makubwa, na karatasi yake imeyapiga lipu yote kama ukuta.

"Nani alikagua?"

"Hakuna."

"Sasa mimi nisaini nini? Kwamba nilikuwepo?"

Nahla akalia kwa hasira. Aliikasirikia Bodi, akamkasirikia Ghaith na halua yake, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe. Mtihani umekwenda, na mwaka mzima umekwenda nao.

"Omba urudishwe Sur," Bi Balqis akasema. "Mwaka si mwingi, inshallah."

Lakini Nahla hakuwa akisikia tena. Alikuwa ameshafungua makadirio ya shule ya Birkat al Mauz, anashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa, na kila alipofika alijiuliza swali lilelile: hapa nani alikagua? Zabuni ya shule hiyo inatoka Jumapili. Wakandarasi watajaza bei juu ya vipimo vyake.

Akachukua simu, akampigia Ghaith.

"Ustadh, zabuni ya shule isitoke," alisema. "Vipimo nimevipima mimi peke yangu, na hakuna aliyeviangalia. Hata wewe uliyesaini."