Barua Tatu, Ugonjwa Mmoja

Waongo wananichefua, na mwaka huu nimejichefua mwenyewe kuliko wote.

Nina duka la kuchapa hapa Arua, karibu na chuo. Wanafunzi wakichelewesha kazi huja kwangu kuua ndugu kwa barua za kuomba muda. Igga amemzika bibi yake mara mbili kwenye kompyuta yangu. Nilicheka, nikachapa.

Stella Kiden hakuua mtu. Ni binti wa wakulima wa Kuluba, kule Koboko, mwaka wa pili wa ualimu, mpole, hukagua ukurasa mara tatu kabla ya kuuchukua. Alikuja Jumatatu, kazi ilitakiwa Jumatano, na asiyeipeleka hupata sifuri, somo hulirudia mwakani. Barua yake ya kwanza ilijaa kurasa nne: kutapika, kutetemeka, kulia chooni. Akaisoma, akafuta karibu yote. Akabakiza hivi:

“Mwalimu Obitre, naomba siku saba za ziada kwa kazi ya Jumatano. Tangu mwezi wa pili nasumbuliwa na wasiwasi mkubwa, unanizuia kulala na kuandika. Namwona mshauri wa wanafunzi kila Alhamisi. Karatasi yake nimeiambatanisha. Nimemaliza sehemu mbili kati ya nne, nazo ziko hapa. Naomba jambo hili libaki kati yetu.”

“Iko ya kutosha, mama?” aliniuliza. “Ile ingine ni yangu mimi.”

Akaondoka, nami sikufuta faili. Jioni Igga akaja, bibi zake wamekwisha. Nikamfungulia barua ile, akabadilisha jina, akaondoa maneno ya karatasi ya mshauri. Patricia, wa darasa lao, naye vivyo hivyo. Nikawachapia wote. Kinyaa kitupu! Siri ya mtoto wa watu nimeigawa kama fomu.

Jumatano Stella alirudi midomo imemkauka. “Mama Margarita, mwalimu anasema mimi nadanganya. Iko barua tatu.”

Nikafunga duka, tukaenda. Obitre alikuwa amezipanga barua mezani, amekunja uso kama aliyenusa samaki aliyeoza.

“Barua tatu, ugonjwa moja, Alhamisi moja. Nani iko mugonjwa?”

Igga na Patricia, walioitwa kabla yetu, wakatazama sakafu. Stella alisimama mbele ya watu wale wale ambao hakutaka wajue.

“Mwalimu,” nikasema, “ile ya Stella ndiyo ya kwanza. Hawa wengine, mimi ndiye niliwapa.”

Ndipo Obitre alipoifunua karatasi ya mshauri, iliyobanwa nyuma ya barua moja tu. Angeitazama mapema, asingemwaibisha mtu. Alimpigia mshauri, akauliza tu kama sahihi ni yake, hakuchimba zaidi. Juu ya barua ya Stella akaandika: hadi Jumatano ijayo. Wale wawili akawaambia waende na sifuri zao.

Nje nilimwomba Stella msamaha. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

“Siku saba mwalimu amenipa,” alisema. “Lakini sasa darasa yote itajua. Mimi nitaingia kule namna gani?”

Nikarudi dukani, nikaifuta ile faili.