Chupa Mbili za Ndinda

Bafa ya Ndinda, mwanafunzi wa ufamasia katika hospitali moja ya Thika, ilikuwa imeharibika tena; kimiminika hicho cha kutengenezea dawa ya macho kilipaswa kushika pH ileile, lakini hakikushika. Jioni alipotia kipimarangi katika tone lake, liligeuka bluu, ndiyo pH iliyotakiwa. Asubuhi tone jingine lilitoka kijani, maana pH ilikuwa imeshuka. Mwalimu wake, Bwana Zacharia, alikwisha kumwonya kwamba ikishuka tena atamrudisha kwao Ruiru.

"Tia soda kali kidogo ipandishe pH, dada," mwenzake Wakonyo alinong'ona. "Ataona bluu, tutakunywa chai."

"Na kesho?"

"Kesho ina soda yake!"

Ndinda alikataa. Soda ingeficha kosa bila kuliondoa, na dawa ya macho haidanganywi. Alitazama jiko la makaa la kuchemshia vyombo, kisha chupa yake iliyozibwa kwa pamba, kama walivyofundishwa. Akatengeneza bafa mpya na kuigawa katika chupa mbili. Moja aliiziba kwa pamba. Nyingine aliijaza hadi shingoni na kuikaza kwa kizibo cha mpira.

Asubuhi, tone la chupa ya pamba lilikuwa kijani. La chupa ya mpira lilikuwa bluu.

"Pamba huzuia vijidudu, mwalimu," alisema, "lakini hewa hupita. Kaboni dioksidi ya makaa imeingia ndani ikawa asidi."

Bwana Zacharia aliyatazama matone yote mawili.

"Pamba niliwafundisha mimi," akasema. "Wakonyo, toa jiko nje. Ndinda, leta vizibo vya mpira."