Daftari la Kibanda cha Getini

Kwa miaka kumi na mmoja Myrna Friesen alikaa upande uleule wa meza, mgongo wake ukielekea kipasha joto, uso wake ukimkabili msafirishaji yeyote aliyeitwa kujieleza. Kazi yake katika kiwanda cha madirisha cha Red Willow, kusini mwa Winnipeg, ilikuwa kuwapima wenye malori: nani amefika kwa wakati, nani amechelewa, nani apewe onyo, nani aachwe. Wenzake walimtania kwa kumwita "Saa ya Kanisa", na yeye hakuchukia. Alijua jina hilo lina heshima ndani yake.

Asubuhi ya mkutano na kampuni ya malori ya Kestrel Bend, inayowaletea vioo, baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Myrna aliegesha gari, akachomeka waya wa kupasha injini kwenye nguzo yake ya kila siku, na taa ya waya haikuwaka. Gari lisilochomekwa lisingewaka jioni. Alikimbilia kibanda cha mlinzi, kope zikigandana, kuuliza nguzo ipi ina umeme.

"Ya saba," alisema Orville, mlinzi mzee mwenye chupa ya kahawa isiyoisha. "Lakini pumua kwanza, dada. Pua yako imekuwa kama ya samaki wa barafuni."

Alikaa kupasha vidole. Mezani palikuwa na daftari jekundu ambalo alilijua kwa jina tu, daftari la moto. Kila anayeingia getini huandikwa humo pamoja na saa yake, ili moto ukizuka zimamoto wajue ni watu wangapi wa kutafutwa. Hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kulisoma, kwa kuwa moto haujawahi kuzuka.

Jicho lake likaangukia tarehe kumi na nne Januari. Hiyo hakuisahau, maana siku hiyo mashine za kukatia zilisimama kwa kukosa vioo. Kwenye ripoti yake, lori la Kestrel Bend lilifika saa moja na nusu asubuhi badala ya saa kumi na mbili. Kwenye daftari la Orville, lori lilelile liliingia getini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

"Orville, hii saa ni ya kweli?"

"Mimi huandika nikiona taa zao. Halafu wanakwenda kupanga foleni kule nyuma, wanasubiri mlango. Milango miwili, mmoja Rey wa mapokezi anautumia kutoa mizigo hadi saa moja. Kwani hukujua?"

Hakujua. Au, kama alivyojirekebisha moyoni akipanda ngazi na daftari chini ya koti, hakutaka kujua. Kanuni ya kuhesabu saa ya kufika ilikuwa yake mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita madereva walikuwa na tabia ya kupiga simu kutoka kituo cha mafuta barabarani na kusema "tumeshafika", ndipo akaandika kwamba lori limefika pale tu mpokea mizigo anapofungua mlango wa kupakulia. Alisifiwa kwa kanuni hiyo. Ilikata mzizi wa uongo.

Alifunga mlango wa ofisi akalinganisha safari tisini za miezi mitatu. Ripoti yake ilisema ishirini na sita zilichelewa. Daftari lilisema kumi na nne kati ya hizo zilikuwa uani, injini zikinguruma, ndani ya muda. Kumi na mbili zilichelewa kweli.

Kisha akamkumbuka Abe Penner. Tangu kanuni hiyo ianze, wasafirishaji wawili walikuwa wamevunjiwa mkataba, na wa pili alikuwa Abe, mtu wa Steinbach ambaye Jumapili hukaa safu mbili mbele yake kanisani. Aliuza malori yake matatu. Bado Abe humsalimia Myrna kila wiki na kumuuliza habari za mama yake.

Saa tatu na nusu alibisha kwa Kent Wasylyshen, mkurugenzi wa uendeshaji, akamweleza kwa sauti ya chini. Kent alisikiliza huku akifunga kamba ya kiatu.

"Hao kumi na mbili, walichelewa au hawakuchelewa?"

"Walichelewa."

"Basi ni wachelewaji. Myrna, nimeshawaambia makao makuu Toronto kwamba leo wanapewa siku thelathini za mwisho. Sasa niwaambie nini? Kwamba vioo vilikuwa uani kwetu wakati mashine zimesimama?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Si leo," alisema Kent. "Tutaliangalia baadaye." Akamgusa bega, kwa upole kabisa.

Saa nne kamili Balkaran Dhaliwal, mwenye Kestrel Bend, aliingia na boksi la ladu, vitafunio vitamu vya sherehe. Binti yake alikuwa amechumbiwa.

"Kuleni kwanza, mnikaripie baadaye," alisema akifungua kifuniko. "Mdomo wenye sukari hukaripia polepole."

Kent alicheka, hakuchukua. Rey Macaraeg, mkuu wa mapokezi ya mizigo, alichukua mbili. Myrna alijikuta ameshika moja na hajui aiweke wapi.

Kent alionyesha ukutani: safari zilizofika kwa wakati ni asilimia sabini na moja, wakati mkataba unataka tisini na tano. Mashine zilisimama mara mbili. Akauliza sababu, na Dhaliwal hakujificha. Karatasi za forodha zinachelewa, alisema, kwa sababu karani wake ni mmoja na huzituma dereva akiwa ameshaondoka. Lori linafika mpakani Emerson na kukaa kama mgeni asiyealikwa. Pia dereva anayetoka kusini mwa Minnesota anaishiwa saa zake halali za kuendesha kabla hajafika, na chombo cha kurekodi saa hizo hakina huruma.

"Sababu nimezisikia," Kent alisema. "Nataka dawa."

Wakaandika, Myrna akiwa ndiye mwenye kalamu, kila hatua na jina la mwenye kuitekeleza na tarehe. Karatasi za forodha zitumwe jioni, kabla tela halijaondoka kiwandani kunakotoka vioo, na karani wa pili awepo kufikia Jumatatu ijayo. Dereva wa pili apokee usukani njiani, mjini Grand Forks. Lori likionekana litachelewa zaidi ya nusu saa, Rey apigiwe simu mapema ili apange kazi upya. Wakutane kila Jumatatu kuzipitia namba.

"Na ya mwisho," Kent alisema. "Baada ya siku thelathini, chini ya tisini na tano, njia hii inakwenda kwa mwingine. Myrna atathibitisha kipimo."

Kalamu ilisimama. Chini ya fomu palikuwa na mstari ambao alikuwa ameusaini mara nyingi bila kuutazama: *Kipimo kimehakikiwa na ni sahihi.* Dhaliwal angeweza kuajiri makarani kumi na madereva ishirini. Maadamu saa ilianza kuhesabiwa mlango ukifunguliwa, asingefika tisini na tano. Chumba kilikuwa na joto kupita kiasi. Kipasha joto kilimchoma mgongo, na kwa upande wa meza aliokaa hapakuwa na nafasi ya kurudisha kiti nyuma.

"Balkaran," alisema, "malori yako husubiri nyuma kabla ya kufunguliwa?"

Dhaliwal alitazama ladu. "Hatuna malalamiko, dada Myrna."

"Sikuuliza malalamiko. Nimeuliza kama husubiri."

"Mwenye lori akilalamikia mlango wa mteja, mteja hutafuta lori jingine." Alitabasamu kidogo. "Mimi nina malori kumi na binti wa kuozesha. Kila kitu kiko sawa."

Rey aliacha kutafuna. Kent alimtazama Myrna kwa macho yaliyosema mara ya pili, *si leo*. Naye alijua vizuri: akisaini, hakuna atakayejua isipokuwa watu watano na daftari moja. Asiposaini, kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni nani aliandika kanuni.

Alitoa daftari jekundu chini ya makaratasi akaliweka katikati ya meza, karibu na boksi la ladu.

"Kumi na nne kati ya ishirini na sita walikuwa uani kwa wakati," alisema. "Waliobaki ni wachelewaji kweli, na hatua hizi zinawahusu. Kwa hesabu sahihi ni karibu asilimia themanini na saba. Bado haitoshi. Lakini sabini na moja siwezi kuisaini."

Kisha Rey akasema, akijipangusa vidole, "Mimi nilisema mwaka juzi mlango mmoja hautoshi. Nikaambiwa nipange foleni vizuri."

"Nani aliandika kwamba saa ihesabiwe mlangoni?" Kent aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi."

Kent aliegemea kiti. Hakufoka, ingekuwa nafuu kama angefoka. "Sawa. Tumekubaliana kila hatua iwe na mwenyewe. Andika ya sita. Saa ihesabiwe getini, mlango wa pili uwe wazi kuanzia saa kumi na mbili. Mwenyewe: Myrna Friesen. Siku thelathini utasimama kibandani ushuhudie mwenyewe kila lori la alfajiri. Toronto utawaeleza wewe. Na ripoti za miaka mitatu uzirudie upya, zote."

"Zote," alirudia, akiandika. Kila herufi ya jina lake ilikuwa kama komeo linaloshuka. Zote, maana yake na za Abe Penner.

Wakasaini. Katika ukumbi Dhaliwal alimsogezea boksi. Hakusema asante.

"Sasa Kent ananichukia kwa jambo ambalo sikulisema," alinong'ona. "Dada, umenitoa kwenye shimo moja, umeniweka kwenye jingine."

"Najua."

"Chukua nyingine. Hiyo umeiminya mpaka imekuwa unga."

Alifungua kiganja. Kweli ilikuwa unga.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja na nusu, Myrna alikuwa kibandani na koti lake kubwa, kiti cha kukunja kikiwa kimebanwa kati ya ukuta na chupa ya Orville. Kwenye mkoba alikuwa na jalada la Penner. Alikuwa amelimaliza Jumamosi: kati ya safari kumi na tisa zilizohesabiwa kuchelewa, kumi na moja hazikuchelewa. Jumapili Abe alimsalimia na kumuuliza habari za mama, naye akajibu kwamba mama hajambo, akakaa safu mbili nyuma akiitazama shingo yake hadi mwisho wa ibada.

Taa mbili zilitokea barabarani. Lori la Kestrel Bend lilipita getini saa kumi na mbili kasoro dakika nane, karatasi za forodha zikiwa zimegongwa muhuri. Myrna aliandika saa. Kisha akageuka kutazama milango. Mmoja ulikuwa unatoa mizigo. Wa pili, wake yeye, ulikuwa umefungwa, umeganda chini, na vijana wa Rey walikuwa wakiupiga kwa chuma.

Ulifunguka saa kumi na mbili na dakika hamsini. Aliandika na hiyo pia, katika safu mpya aliyoichora kwa rula, safu ambayo Kent angeisoma kila Jumatatu.

"Zimebaki siku ngapi?" Orville aliuliza akimmiminia kahawa.

"Ishirini na tisa."

Alivuta simu, akatafuta namba ya Abe Penner, akaiweka juu ya daftari. Hapakuwa na pa kukimbilia. Nje kulikuwa na barafu, ndani kulikuwa na yeye, na lori la pili lilikuwa halijafika. Akabonyeza namba, akasubiri aitike.